Jina kwenye pakiti inayokwenda Uarabuni: libaki kwa Kilatini, liandikwe kwa sauti yake au litafsiriwe?

Anayetaka kupeleka viungo, chai, kahawa au asali Maskati na Dubai hukutana na swali hili kabla hata ya kupata bei ya kontena. Mchapaji anasubiri mchoro wa pakiti, muagizaji anataka aone Kiarabu, na mwenye bidhaa hajui jina lake lisomeke vipi kwa herufi asizozisoma. Matokeo yake, kazi hiyo huangukia kwa yeyote aliye karibu: mwalimu wa madrasa, ndugu aliyewahi kukaa Oman, au karani wa yule muagizaji. Kila mmoja ataandika kitu, na kila mmoja ataandika tofauti.

Njia ziko tatu, nami nitazilinganisha kwa kutumia jina moja la mfano: Nguva, pakiti ya gramu 100 ya viungo vya pilau kutoka Unguja. Jina hili nimelibuni makusudi. Limeanza na konsonanti mbili zilizoshikana, lina g na lina v, yaani mambo matatu ambayo alfabeti ya Kiarabu haina nafasi ya kawaida ya kuyaweka. Tena lina maana, ni mnyama wa baharini, na lina picha, kwa hiyo linaweza kutafsiriwa. Ukiweza kulipatia jina hili pakiti nzuri, majina mepesi hayatakusumbua.

Pakiti moja, majina matatu

Kosa la kwanza hutokea kabla ya Kiarabu chenyewe, pale mtu anapoyachukulia maandishi yote ya mbele ya pakiti kuwa jina moja. "Nguva Viungo vya Pilau Visivyo na Pilipili" ni vitu vitatu. Nguva ni jina la chapa. Viungo vya pilau ni jina la chakula chenyewe. Visivyo na pilipili ni aina, inayotofautisha pakiti hii na ile ya jirani yake kwenye rafu. Si lazima vitatu hivi vipite njia moja.

Nchi za Ghuba zina kiwango cha pamoja cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, GSO 9. Kinachotakiwa humo kwa Kiarabu ni taarifa zinazomwambia mlaji anakula nini: jina la chakula, viambato, uzito, nchi kilikotoka, namna ya kuhifadhi, na kadhalika. Lugha nyingine inaruhusiwa kando ya Kiarabu, mradi iseme yaleyale. Kwa hiyo jina la chakula na aina yake huna la kujadili: hutafsiriwa. Jina la chapa ndilo lenye uchaguzi, na mjadala wote wa hapa chini unalihusu hilo.

Kwenye tafsiri ya jina la chakula nina jambo moja tu. Pilau ya Unguja usiigeuze kuwa kabsa, wali wa Kiarabu, kwa sababu kabsa ndiyo mtu wa Ghuba anayoijua. Viungo vya kabsa mara nyingi huwa na ndimu kavu, na mnunuzi akifungua pakiti yako asiikute, ataona amepunjwa. Andika خلطة بهارات للأرز, mchanganyiko wa viungo vya wali, kisha neno بيلاو pembeni kwa sauti yake. Na kwenye viambato tumia neno linaloeleweka nchi zote. Karafuu huitwa *mismar* na watu wengi wa Ghuba, lakini neno hilo kwa Mwarabu wa kwingine ni msumari wa fundi. Kwenye lebo iandikwe قرنفل.

Njia ya kwanza: kuliacha kwa Kilatini

Njia hii inadharauliwa bila sababu. Wakazi wengi wa Dubai si Waarabu. Mhindi, Mfilipino na Mkenya anayefanya kazi kule husoma herufi za Kilatini upesi, na ndio hao hao wanaonunua viungo kila wiki. Jina la Kilatini pia linabaki vilevile katika kila nchi, kwa hiyo picha uliyoipiga kwa ajili ya Dar es Salaam inafaa Doha. Ukiwa unauzia mahoteli na mikahawa, ambako mnunuzi anasoma orodha ya bei kwa Kiingereza, au unapeleka mzigo mdogo wa kujaribu soko, sioni sababu ya kuhangaika na zaidi ya hapo. Acha Nguva kama ilivyo, na taarifa za lazima zipelekwe kwenye stika ya Kiarabu iliyokubaliwa na muagizaji, isiyofunika tarehe wala namba ya toleo. Kwa viungo chagua stika ya plastiki, maana mafuta ya karafuu hupenya karatasi na gundi huachia.

Udhaifu wake huonekana bidhaa inapoanza kutembea. Msambazaji anayefanya kazi kwa Kiarabu lazima aiingize kwenye mfumo wake wa stoo kwa jina la Kiarabu. Kama wewe hukumpa, atabuni lake. Msambazaji wa pili atabuni jingine. Mteja naye akitaka kumwelekeza mwenzake kwa ujumbe wa simu ataandika anavyosikia yeye. Baada ya mwaka jina lako lina miandiko mitatu ya Kiarabu, na hakuna hata mmoja uliouchagua. Hii ndiyo gharama halisi ya Kilatini pekee: si kwamba Kiarabu hakitakuwepo, ni kwamba kitaandikwa na wengine.

Ndiyo maana hata makampuni makubwa, yenye majina ambayo dunia nzima inayajua, hayakuliacha jambo hili wazi. Coca-Cola ni كوكا كولا kwenye kopo, kwa mwandiko uliochorwa ufuate mikunjo ya ule wa Kilatini. 7Up, ambayo jina lake limeanza na tarakimu, imeandikwa سفن أب, tarakimu ikageuzwa kuwa neno ili isomeke.

Njia ya pili: kuiandika sauti yake

Kwa bidhaa ya dukani katika Ghuba hii ndiyo njia ya kuanzia, nyingine mbili ziwe za kujitetea. Lakini kuandika sauti si kubadilisha herufi moja kwa nyingine. Kiarabu hakina p, v, g wala ch katika alfabeti yake ya kawaida, na irabu fupi hazionekani isipokuwa uziwekee alama.

P ni rahisi. Huwa b, wala hakuna Mwarabu anayeshangaa. Pepsi ni بيبسي, Lipton ni ليبتون, Panadol ni بنادول. V nayo ni rahisi, huwa f: Vimto, kinywaji kisichokosekana Ghuba wakati wa Ramadhani, ni فيمتو. Zipo herufi za nyongeza, پ yenye nukta tatu chini na ڤ yenye nukta tatu juu, na wasanifu wa lebo huzipenda kwa sababu zinaonekana sahihi zaidi. Mimi sizishauri kwa jina jipya. Sababu moja iko kwenye simu: katika kibodi ya Kiarabu herufi hizi mara nyingi hupatikana kwa kubonyeza na kushikilia, na mteja anayetafuta bidhaa hatajisumbua, ataandika ب na ف. Sababu ya pili iko kwenye mashine ya kuchapa. Kwenye mfuko laini wa plastiki wino hutanuka kidogo, nukta tatu ndogo hugusana, na ڤ iliyoziba huonekana kama ق. Hapo v yako imekuwa q, na jina limekuwa jingine kabisa.

Ch ina mtego wake. Herufi چ inasomwa ch katika Ghuba na Iraki, lakini Mmisri anaitumia kwa sauti ya j. Ukiandika تش unapoteza wepesi, ila unasomeka kote.

Tatizo kubwa ni g. Google inaandikwa na Waarabu wenyewe kwa njia tatu, جوجل, غوغل na قوقل, na hakuna mwenye makosa. Mtu wa Cairo husoma ج kama g ya "gari", kwa hiyo kwake jambo limekwisha. Mtu wa Shamu, yaani upande wa Syria na Lebanoni, amezoea غ. Wasaudi na watu wengi wa Ghuba hutamka ق kama g katika mazungumzo ya kila siku, ndiyo maana wao huandika قوقل. Lakini kwenye pakiti na mabango ya Ghuba utaona pia ج ya Kimisri kwa wingi: Burger King ni برجر كنج, chokoleti ya Galaxy ni جالكسي. Msomaji wa Ghuba anatamka g hapo kwa kuwa jina analijua tayari. Jina geni atalisoma j.

Sasa turudi kwa nguva. Nimeweka و baada ya g ili irabu u isipotee, na ا mwishoni. Miandiko inayowezekana ni hii:

| Mwandiko | Mtu wa Ghuba atasoma | Mtu wa Cairo atasoma | Neno lililo jirani |
|---|---|---|---|
| نجوفا | Nujufa | Nugufa | Najaf, mji wa Iraki. Misri, *nagafa* ni taa ya kuning'inia darini |
| نغوفا | Nughufa | Nughufa | *naghaf*, funza |
| نقوفا | Nugufa au Nuqufa | Nuqufa au Nu'ufa | *naqafa*, kupasua kitu kigumu kama yai |
| نگوڤا | karibu na Nguva, kama anazijua herufi | wengi watasita | hakuna |

Safu ya mwisho ndiyo inayoamua, na ndiyo watu wanayoiruka. Mwarabu hasomi neno geni kama kamba ya herufi. Jicho lake hutafuta mzizi wa konsonanti tatu, kisha hulipa neno harufu ya mzizi huo hata kama anajua ni jina la kigeni. Mwandiko wa pili, نغوفا, ndio ambao Mswahili aliyesoma Kiarabu angeuchagua kwanza, kwa kuwa katika kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tumezoea غ kwa g. Lakini ن غ ف ni mzizi wa naghaf, funza wa puani mwa ngamia na kondoo. Ni neno lililomo katika hadithi ya Yajuji na Majuji, wanaoangamizwa kwa funza hao shingoni, kwa hiyo si neno la wataalamu wa mifugo peke yao. Aliyekaa darsani amelisikia. Hulitaki karibu na pakiti ya viungo vya chakula. Hakuna atakayekuambia kwamba jina lako linamaanisha funza, kwa sababu halimaanishi hivyo. Ataisukuma tu pakiti pembeni akachukua ya pili yake.

Jambo la namna hii huligundui kwa kamusi peke yake. Unaandika kila mwandiko kwenye karatasi nyeupe, bila picha ya nguva na bila neno la Kilatini, unampa mtu asiyejua bidhaa, unamwambia asome kwa sauti. Kisha unamuuliza neno hilo linamkumbusha nini. Usimuulize kama ni zuri. Kwa adabu atasema zuri. Fanya hivyo kwa watu wa nchi unazouzia, angalau mmoja mmoja, na andika alivyotamka kabla hujamsahihisha.

Na jihadhari na shahidi mmoja ambaye kwetu ni rahisi sana kumpata: Muomani anayezungumza Kiswahili. Maskati imejaa watu waliozaliwa Unguja na Pemba au waliolelewa na waliozaliwa huko, na ndio mara nyingi mawakala wetu wa kwanza. Ukimpa نقوفا na kumwambia ni viungo vya Unguja, atasoma "Nguva" bila kusita, kwa sababu neno analo kichwani. Huyo hajasoma ulichoandika, amekumbuka. Kwa kujaribu mwandiko unamtaka jirani yake, Muomani wa Nizwa au Msudani anayefanya kazi ya mhasibu, asiyewahi kusikia Kiswahili.

Hali ni hiyo hiyo kwa bibi au shekhe anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika mwandiko wetu wa zamani n inayotangulia g au d mara nyingi haikuandikwa kabisa. Msomaji aliijaza mwenyewe kwa kuwa alijua lugha. Kwa wenye lugha ni mwandiko mzuri wenye historia yake. Kwa Mwarabu nguva itakuwa "Ghufa".

Njia ya tatu: kulitafsiri

Tafsiri hufaa kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: maana ya jina iwe inaonekana kwenye picha. Jibini ya La Vache qui rit inauzwa Uarabuni pia kwa jina البقرة الضاحكة, ng'ombe anayecheka, na haikupotea kwa kuwa yule ng'ombe mwekundu yumo kwenye kila kasha. Jina limebadilika, uso haukubadilika.

Watu wa Ghuba wenyewe wamekuwa wakitafsiri hivi siku zote, bila kungoja kampuni. Bidhaa ngeni huitwa kwa *Abu* na kile kilichochorwa juu yake. Mchele wenye picha ya kikombe ni Abu Kaas. Maziwa ya kopo ya Rainbow, yenye upinde wa mvua, ni Abu Qaws. Mafuta ya kuchua ya Axe Brand kutoka Singapore, yenye shoka, ni Abu Faas. Mwenye duka anayeulizwa "nipe Abu Faas" hahitaji maelezo. Kwa hiyo hata ukiamua kuandika sauti tu, picha yako itatafsiriwa dukani, na afadhali uwe umeichagua ukijua hivyo.

Tumweke nguva kwenye mizani hii. Kiarabu kina majina kadhaa ya mnyama huyu. La vitabuni ni أطوم, ambalo mnunuzi wa kawaida halijui. La wavuvi wa Ghuba, ambako nguva wapo hadi leo, ni بقرة البحر, ng'ombe wa bahari, ambalo kwenye pakiti ya viungo litamfanya mtu adhani ni mchuzi wa samaki au wa nyama. Lenye mvuto ni عروس البحر, bibi harusi wa bahari. Hilo lina matatizo mawili. Kwanza, picha inayokuja kichwani ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, si mnyama; na mwanamke huyo, kama anavyochorwa kwa kawaida, hutamtaka kwenye chakula kinachouzwa Ghuba. Pili, Jidda inajulikana kwa sifa ya bibi harusi wa Bahari ya Shamu, kwa hiyo jina linamwelekeza mnunuzi kwenye mji ambao bidhaa haina uhusiano nao. Pakiti iliyoandikwa "zao la Tanzania" na "bibi harusi wa bahari" inavuta pande mbili.

Majina ya mahali yana shida ya namna hiyo hiyo. Pemba kwa Waarabu wa zamani ilikuwa الجزيرة الخضراء, kisiwa cha kijani, na mtu mwenye karafuu za Pemba anaweza kushawishika kuliweka mbele ya pakiti. Ni jina zuri na la kweli. Lakini ndilo pia jina la Kiarabu la Algeciras, mji wa Hispania, na maneno mawili ya kawaida namna hiyo ni vigumu kuyamiliki kama alama ya biashara. Ningelitumia kwenye maelezo ya nyuma, pale unapoeleza karafuu zimetoka wapi, na mbele nikaacha بيمبا, yenye ي ili isisomwe Bamba.

Majina yetu yaliyotoka Kiarabu

Hapa mwenye chapa ya Kiswahili ana shida ambayo mwenye chapa ya Kichina au Kijerumani hana. Mengi ya majina tunayoyapenda kwenye bidhaa, Baraka, Safi, Asali, Dawa, Bahari, yana asili ya Kiarabu. Je, kuyaandika Kiarabu ni kuandika sauti au ni kutafsiri?

Kama maana haikuhama, lirudishe jina kwenye tahajia yake ya asili. Baraka ni بركة. Ukiandika باراكا, kila irabu na alifu yake, msomaji ataona neno lake mwenyewe limeandikwa na mtu asiyejua kuandika, na atashuku pakiti nzima. Bahari ni mbaya zaidi: kwa sauti yetu ungeandika بهاري, na hilo kwake ni "kiungo changu cha chakula". Kwa viungo vya pilau pengine ni bahati nzuri, lakini kwa maji ya kunywa ni fujo. Bahari yenyewe ni بحر, kwa ح.

Safi ina usumbufu wa kila siku. صافي ni neno la Kiarabu lililomo tayari kwenye lebo yoyote, katika الوزن الصافي, uzito halisi bila kifungashio. Tena الصافي ni chapa kubwa ya maziwa Saudia. Jina ambalo Dar es Salaam linasimama peke yake, kule linazama.

La hatari kweli ni Dawa. Mchanganyiko wa tangawizi, ndimu na asali unaouzwa Kenya na Tanzania kwa jina hilo kila mtu anajua ni kinywaji cha moto. Ukiandika دواء kwenye kasha, umeiambia forodha kwamba umeleta dawa ya kutibu, na chakula hakiruhusiwi kudai tiba. Mzigo utazuiwa hadi lebo ibadilishwe, nawe utalipia stoo wakati huo. Kuandika kwa sauti, داوا, hakukuokoi, kwa sababu msomaji anaisikia ileile. Kwa bidhaa hii jina la chapa libadilishwe kwa soko la Ghuba, na jina la chakula liwe la wazi: شراب الزنجبيل بالليمون والعسل.

Nguva ningeiandikaje

Kilatini kibaki, kiwe kikubwa, upande wa kushoto au juu, kwa kuwa wanunuzi wanaokisoma ni wengi. Pembeni yake upande wa kulia iwe sauti kwa Kiarabu. Tafsiri isitumike, ila mchoro uwe wa mnyama mwenyewe, mnene, mwenye mdomo mpana, asifanane na samaki wa kawaida. Ndiye atakayezaa jina la dukani.

Mwandiko upi? Kama soko ni Oman, Falme za Kiarabu na Saudia tu, ningechukua نُقوفا, yenye dhamma, alama ya irabu u, juu ya nun ili isisomwe "Naqufa". Kama mwenye bidhaa ana nia ya Misri, na Mkenya anaweza kuwa nayo maana Kenya na Misri zote zimo katika soko la pamoja la COMESA, ningechukua نجوفا tangu siku ya kwanza. Cairo itasomwa sawasawa, na Ghuba watajifunza g yake kama walivyojifunza ya برجر, kwa gharama ya miezi kadhaa ya watu kusema Nujufa. Nisichoweza kukubali ni miandiko miwili kwa nchi mbili. Pakiti za Dubai hufika Cairo kwenye masanduku ya wasafiri, mteja anatafuta mtandaoni kwa mwandiko aliouona, na alama ya biashara inasajiliwa jinsi ilivyoandikwa.

Usajili ndio usiousubirishe. Cheti cha alama ya biashara cha BRELA kwa Tanzania Bara au cha BPRA kwa Zanzibar hakikulindi Maskati. Viungo, chai, kahawa na asali vyote viko daraja la 30 katika mgawanyo wa kimataifa wa alama za biashara, na ombi la kule linapaswa kuonyesha Kilatini na Kiarabu pamoja, likiwa kwa jina la kampuni yako. Muagizaji akijitolea kukusajilia, soma nani ameandikwa kuwa mmiliki. Aliye Kenya anaweza kupitia mfumo wa Madrid, wa kusajili alama katika nchi nyingi kwa ombi moja, ambao Oman imo tangu 2007 na Falme za Kiarabu tangu 2021. Sajili baada ya jaribio la karatasi nyeupe, si kabla.

Halafu kuna mchapaji. Programu nyingi za kuchora zilizozoea Kilatini hukiharibu Kiarabu bila kutoa onyo: herufi zinaachana na mstari unaanzia kushoto. Neno نقوفا linatoka kama ا ف و ق ن. Hata usiyesoma Kiarabu unaweza kuliona kosa hili. Katika mwandiko sahihi, ukianzia kulia, nun imeshikana na qaf, qaf imeshikana na waw, kisha pana mwanya, halafu fa imeshikana na alifu. Ukiona vipande vitano vilivyosimama mbalimbali, mrudishie. Mwombe faili ambamo maneno ya Kiarabu yamegeuzwa kuwa michoro, si maandishi, yasije yakavunjika kwenye kompyuta nyingine. Hesabu nukta: moja juu ya nun, mbili juu ya qaf, moja juu ya fa. Kisha omba kipande kimoja kichapwe kwenye plastiki yenyewe kwa ukubwa wa pakiti, ukitazame kwa umbali wa mkono. Herufi za Kiarabu kwa ukubwa uleule wa fonti huonekana ndogo kuliko za Kilatini, kwa hiyo nun na fa zikianza kufanana, ongeza ukubwa wa Kiarabu peke yake mpaka nukta za qaf zionekane ni mbili.